Difrensho ya transfoma: slopu moja, slopu mbili au relei inayofuata tepu? Ulinganisho kwa transfoma ya 132/33 kV

Swali hili linarudi kila transfoma mpya ikifika site: relei ina setting kibao, mtengenezaji ameweka defolti zake, mkandarasi anataka kumaliza aondoke, na wewe ndiye utakayepigiwa simu saa mbili usiku transfoma ikijitripu huku hakuna folti yoyote. Basi nimeamua kuzilinganisha njia tatu watu wanazotumia sana, zote kwa transfoma moja ileile, ili namba zenyewe ziseme. Hapa naongelea slopu tu pamoja na mambo mawili yanayoidanganya relei, yaani tepu na CT zisizolingana. Inrashi siigusi maana hiyo inazuiwa na hamoniki ya pili, slopu haina msaada mkubwa hapo.

Transfoma yetu ya mfano ni 45 MVA, 132/33 kV, impidansi 12.5%, tepu chenja iko upande wa 132 na ina tepu 17, hatua 1.25% kila moja. Tepu 1 ni +5% (138.6 kV), tepu 5 ndiyo nominal 132 kV, na tepu 17 ni -15% (112.2 kV). CT za juu ni 300/1, za chini ni 800/1. Ukubwa wa kawaida kabisa kwa sabstesheni zetu za Afrika Mashariki.

Ampea za mzigo kamili: upande wa 33 kV ni 787 A, hiyo haibadiliki ukishikilia 33 kV yako. Upande wa 132 ni 197 A tepu ikiwa nominal, lakini ukishuka mpaka tepu 17 inakuwa 232 A, na ukipanda tepu 1 inakuwa 187 A. Hapo ndipo tatizo lote lilipo. Relei inagawanya ampea za kila upande kwa namba moja uliyoipa siku ya komishoning kisha inatarajia pande mbili zilingane, na tepu ikisogea hazilingani tena hata kama transfoma ni nzima kama siku iliyotoka kiwandani.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja la relei zenyewe kwa sababu limeshaangusha watu. Biasi haihesabiwi sawa kila mahali. MiCOM P64x inachukua nusu ya jumla ya ampea za pande zote, Siemens 7UT6 inachukua jumla yote bila kugawa kwa mbili, RET670, iliyokuwa ya ABB na sasa ni ya Hitachi Energy, inachukua ile ampea kubwa kuliko zote. Kwa hiyo slopu ya 30% kwenye P64x ni sawa na 15% kwenye 7UT6, na goti la 2 pu kwenye ya kwanza ni 4 pu kwenye ya pili. Ukichukua setting za transfoma ya jirani ukazinakili bila kuangalia relei ni ipi, umeweka kitu ambacho hakuna aliyekihesabu. Namba zangu zote hapa chini ni za nusu ya jumla:

```
Idiff = |I_hv + I_lv|
Ibias = (|I_hv| + |I_lv|) / 2
Ibias <= Is2:  kizingiti = max(Is1, K1 x Ibias)
Ibias >  Is2:  kizingiti = K1 x Is2 + K2 x (Ibias - Is2)
```

Is1 ni kianzio, K1 ni slopu ya kwanza, K2 ya pili, Is2 ni goti, yaani pale mstari unapopinda.

Sasa njia ya kwanza: slopu moja, rejea ni nominal. Hii ndiyo ya wazee na bado iko sehemu nyingi. Unaingiza 132 kV kama ilivyo kwenye nempleti, unaweka slopu moja, basi. Uzuri wake ni kwamba hata fundi aliyeamshwa usiku anaielewa. Tatizo linaanza pale mtu anapotaka relei iwe kali akaweka 15% na kianzio 0.15. Fuata hesabu: tepu 17, mzigo kamili, upande wa juu relei inasoma 232/197 ambayo ni 1.176 pu, upande wa chini 1.0. Idiff 0.176, Ibias 1.088, kizingiti 0.163. Imetripu! Na angalia lini inatokea: jioni, mzigo uko juu, volti ya gridi imeshuka, AVR inateremsha tepu mpaka mwisho ili 33 kV isimame. Yaani mambo mawili mabaya yanakutana saa ileile watu wamewasha taa na pasi. Asubuhi mnakuja mnapima insulesheni, mafuta, kila kitu ni kizima, transfoma inawashwa na inakaa vizuri tu, mpaka jioni nyingine.

Ukipandisha mpaka 30% tatizo la mzigo linaisha, kizingiti kinakuwa 0.326 na una nafasi ya kutosha. Lakini sasa ipeleke kwenye folti ya nje. Chukua folti ya fezi tatu kwenye basiba ya 33 kV, nje ya CT zetu. Kwa impidansi ya 12.5% na gridi yenye nguvu unapata kama 8 pu. CT zikiwa nzuri kabisa na tepu iko 17, juu inasoma 9.41, chini 8.0, tofauti 1.41, na 30% bado inashika bila kutripu. Ila CT ya chini ikishiba ikatoa 70% tu ya inachopaswa kutoa, chini relei inaona 5.6, Idiff inaruka mpaka 3.81, Ibias 7.5, kizingiti 2.25. Imetripu kwa folti ambayo ilikuwa ya fida au ya basiba. Na huo ni mfano wa upole, kwa sababu CT iliyoshiba inageuza na kona ya ampea pia, haipunguzi ukubwa tu, hivyo Idiff halisi huwa kubwa kuliko kutoa kwa kichwa namna hii.

Kuna wanaosema basi weka slopu moja ya 60% tumalize. Kweli itashika, kizingiti ni 4.5 na Idiff ni 3.81. Ila jiulize umelipa nini. Transfoma ikiwa kwenye mzigo kamili, folti ndogo ya ndani, mfano mizunguko michache ya koili imeungana, lazima iongeze ampea za difrensho kama 86% ya mzigo kamili ndipo relei iamke. Kwa 30% ilikuwa 35%. Hapo unamwachia Buchholz kazi yote na difrensho imebaki pambo kwa folti za aina hiyo. Mimi siikubali kwa 45 MVA.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda: slopu mbili, lakini na rejea iliyosogezwa katikati. Slopu mbili karibu kila mtu anazijua, rejea ndiyo watu wanaipita. Tepu yetu haina ulinganifu, inapanda 5% tu ila inashuka 15%, hivyo ukiweka 132 kV kosa la tepu upande mmoja ni karibu 5% na upande mwingine ni 17.6%. Kwa nini ubebe 17.6 wakati unaweza kuligawanya? Unatafuta volti ambayo ampea zake ziko katikati ya ampea za tepu ya kwanza na ya mwisho:

```
U = 2 x Umax x Umin / (Umax + Umin)
U = 2 x 138.6 x 112.2 / (138.6 + 112.2) = 124.0 kV
```

Siyo wastani wa volti, hiyo ingekupa 125.4. Ni wastani wa ampea, maana relei hii inalinganisha ampea. Ukiingiza 124.0 kV kama volti ya upande wa juu, rejea inakuwa 209.5 A, na kosa linakuwa 10.5% juu na 10.5% chini. Kosa kubwa limeshuka kutoka 17.6 mpaka 10.5 bila kununua chochote, bila waya hata mmoja, ni namba moja tu umebadilisha kwenye setting. Kwa transfoma yetu rejea hiyo inaangukia karibu na tepu 10, kwa hiyo usishtuke ukikuta Idiff haiko sifuri tepu ikiwa nominal, ndivyo inavyotakiwa, na andika hivyo kwenye karatasi ya setting ili anayekuja baada yako asi"rekebishe" akarudisha 132. Kuna tahadhari moja: baadhi ya relei zinatumia volti hiyohiyo kwa ulinzi wa V/Hz, kwa hiyo angalia kama yako ni hivyo, la sivyo utakuwa umehamisha na hiyo bila kujua.

Sasa slopu ya kwanza unaijenga kwa kujumlisha makosa. Tepu kwa 10.5% ni kama 10% ya biasi. CT za 5P zinaruhusiwa kukosea 1% kwenye ampea zake za kawaida, pande mbili ni 2%. Relei yenyewe nampa 5%, halafu akiba ya 5% na kidogo. Jumla inakuja kama 22 hadi 23, weka 25%. Kianzio 0.2, goti 2 pu, slopu ya pili 70%.

Mbona goti liwe 2? Chini ya hapo ni mzigo, ovalodi na folti ndogo, CT haziwezi kushiba, kwa hiyo kosa la tepu na kosa la CT vinakua sawia na ampea na mstari uliolala unatosha. Juu ya hapo ni folti ya nje, ndipo CT inaweza kushiba na kosa linakua kwa kasi kuliko ampea zenyewe, kwa hiyo mstari lazima usimame. Rudia ile folti ya 8 pu yenye CT inayotoa 70%: juu 8.84, chini 5.6, Idiff 3.24, Ibias 7.22, kizingiti ni 0.5 + 0.7 × 5.22 = 4.15. Imeshika. Na folti ya ndani kwenye mzigo kamili inaonekana ikifika 29% ya mzigo kamili. Yaani umepata ushupavu kwa folti ya nje na ukali kwa folti ya ndani kwa pamoja, kitu ambacho slopu moja haiwezi kukupa hata uipinde vipi.

Njia ya tatu ni relei inayofuata tepu. Unaipa relei nafasi ya tepu, kwa BCD, kwa mA au kwa mnyororo wa rezista kutoka kwenye boksi la mota, nayo inabadilisha namba ya kugawanyia kila tepu inaposogea. RET670 inayo hii. Kosa la tepu linabaki kama sifuri, kwa hiyo slopu ya kwanza unaweza kuishusha mpaka 15%, na folti ya ndani inaonekana kuanzia 20%, hapo kinachozuia ni kianzio chenyewe siyo slopu. Folti ya nje na CT iliyoshiba: 8.0 kwa 5.6, Idiff 2.4, kizingiti 3.66, haina shida. Kumbuka tu kwamba hapa volti ya kuingiza ni ile halisi ya tepu nominal, ukiweka na 124 unakuwa umefidia mara mbili.

Kwenye karatasi hii ndiyo bingwa. Lakini sasa difrensho yako, ambayo ilikuwa inategemea CT na waya za CT tu, inategemea pia vikontakti vilivyo ndani ya boksi la mota linalopigwa na jua na vumbi na nyigu wamejenga humo. Biti moja ya BCD ikikatika relei inasoma tepu nyingine kabisa. Hali mbaya kuliko zote: tepu iko 17 relei inaamini iko 1, inagawanya 231.6 kwa 187.5, inapata 1.235, Idiff 0.235 na kizingiti 0.2. Imetripu kwa mzigo kamili, na sababu ni vikontakti vya bei ya soda. Kwa hiyo ukiichagua njia hii, lazima uwe na alamu ya nafasi isiyoeleweka, na relei ikipoteza nafasi irudi kwenye tepu ya rejea na ijilegeze yenyewe, siyo ibaki na 15% ikisubiri. Kama relei yako haina hiyo ya kujilegeza, mimi nisingeifuata tepu.

Ziweke pembeni kwa pembeni:

| | Moja 30%, 132 kV | Moja 60%, 132 kV | Mbili 25/70, 124 kV | Mbili 15/70, inafuata tepu |
|---|---|---|---|---|
| Mzigo kamili, tepu 17 | inashika | inashika | inashika | inashika, ila siyo nafasi ya tepu ikisomeka vibaya |
| Folti ya nje 8 pu, CT ya chini 70% | inatripu | inashika | inashika | inashika |
| Folti ndogo ya ndani inayoonekana, mzigo kamili | 35% | 86% | 29% | 20% |
| Waya za ziada | hakuna | hakuna | hakuna | nafasi ya tepu mpaka kwenye relei |

Kwa transfoma nyingi za 132/33 zenye koili mbili chukua ile ya 25/70 kwenye jedwali usonge mbele. Ukali uliobaki kwa folti za ardhi karibu na nyutro utafute kwa REF, hiyo haijali tepu kabisa. Kufuata tepu kuna maana pale ambapo tepu ni pana sana, kama transfoma za tanuru la chuma, ambapo hata ukigawanya kosa bado linabaki kubwa mno. Na slopu moja bado inafaa kwa transfoma ndogo ya 33/11 yenye tepu ya kubadilisha ikiwa imezimwa, ±5%, hapo kugombania asilimia mbili ni kupoteza muda, ilimradi uwe umehakikisha CT zake.

CT ndizo nimezirukaruka, turudi. Watu wakisema CT hazilingani wanachanganya vitu viwili. Cha kwanza ni reshio: 300/1 juu inatoa 0.656 A kwa mzigo kamili, 800/1 chini inatoa 0.984 A. Kwenye relei za zamani kama MBCH ulihitaji CT za kati kulinganisha, na ukikosea tepu ya CT ya kati unabaki na kosa la kudumu. Relei ya dijitali inazidisha tu kwa namba, kwa rejea yetu ya 124 kV ni 1.43 juu na 1.016 chini, imeisha. Cha pili hakirekebishwi na namba yoyote, nacho ni uwezo wa CT kubeba folti bila kushiba. Chukua CT ya chini 800/1, 5P20, 15 VA, ukinzani wa koili yake tuseme omu 4. Inaweza kutoa kama 20 × (15 + 4), yaani volti 380. Waya wa 2.5 mm² una kama omu 7.4 kwa kilomita, mita 150 kwenda na kurudi ni omu 2.2. Folti ya 8 pu ni ampea 7.9 za sekondari, mara 6.2 ni volti 49. Unaona 49 kwa 380 unasema nina akiba tele, lakini folti inakuja na DC ndani yake, na X/R ikiwa 20 unazidisha kwa 21, inakuwa zaidi ya volti 1000. CT inashiba mizunguko ya mwanzo, na hilo ndilo lililotuletea ile 70%. Kwenda 6 mm² kunashusha waya mpaka omu 0.9, kunasaidia ila hakumalizi. Ukiweza kuchagua, chagua CT za pande mbili zenye uwezo unaokaribiana, maana pande zote zikishiba kwa pamoja tofauti inakuwa ndogo, tatizo ni moja kushiba na nyingine ikabaki macho. K2 inanunua muda wa mizunguko hiyo michache tu. CT mbovu kweli haiokolewi na 70 wala 80.

Mwisho, jinsi ya kujua una tatizo lipi kabla halijatripu, na hii inafanyika na mzigo uliopo, angalau theluthi ya mzigo kamili ili namba zisomeke. Soma Idiff na Ibias kwenye skrini ya relei, tembeza tepu hatua kadhaa kila upande kwa ruhusa ya kontrolo, andika Idiff gawa kwa Ibias kila tepu. Kama asilimia inashuka ukikaribia tepu ya rejea (10 kwa yetu) na inapanda ukiiacha, hiyo ni tepu tu, kila kitu kiko sawa. Kama umbo ni lilelile ila pa chini kabisa pamehama kutoka tepu 10 kwenda nyingine, reshio au volti uliyoingiza siyo ya kweli. Kama hakuna tepu yoyote inayokaribia sifuri, iko pale pale kwenye 52%, umekosea vekta grupu kwa nyuzi 30, na ikiwa 200% CT ya upande mmoja imegeuzwa. Fezi moja tu ikiwa tofauti na wenzake, acha setting, nenda kwenye tamino za CT ya fezi hiyo na uangalie na linki za reshio kwenye boksi lake, mara nyingi ni CT ya reshio mbili iliyoachwa 600 badala ya 300. Kosa la kutochuja ampea za sifuri halitaonekana kwenye jaribio hili kwa sababu mzigo uko sawa fezi zote, hilo litajitokeza siku ya folti ya ardhi nje, kwa hiyo lihakikishe kwenye setting na kwa kuingiza ampea za fezi moja kwenye tesiti seti kabla hujafunga panel.